Kuanzia 100, Jumanne na Ijumaa

Chini ya picha ya boksi lililojaa vifaranga, maelezo huwa mafupi: "Vifaranga wa siku moja wanapatikana. Leya na broila. Leya wamechanjwa Mareksi. Kuanzia 100. Kuchukua Jumanne na Ijumaa asubuhi. Weka oda mapema." Mnunuzi mgeni huruka yote hayo na kuuliza bei. Mzoefu husoma kila neno, kwa sababu ndani yake mna habari za boksi atakalopewa na za kazi itakayomsubiri nyumbani.

Tuanze na siku. Yai la kuku hukaa kwenye mashine ya kutotolesha siku 21. Kwa siku 18 za mwanzo hugeuzwa geuzwa, kisha huhamishiwa kwenye trei za kuangulia, ambako hutulia hadi kifaranga atoboe ganda. Siku 21 ni wiki tatu kamili, kwa hiyo mayai yaliyoingizwa Jumanne huanguliwa Jumanne. Mwenye kituo anayeingiza mayai mara mbili kwa wiki atakuwa na vifaranga mara mbili kwa wiki, na ukimwomba wa Jumapili hana pa kuwatoa. Hata lile neno "mapema" lina kipimo chake. Oda iliyofika kabla mayai hayajaingia ndiyo yenye uhakika. Ikija baadaye, unasubiri masalio ya oda za wenzako.

Asubuhi nayo haikuwekwa kwa ajili ya kukusumbua. Muda mfupi kabla ya kutoka, kifaranga huvuta mabaki ya kiini cha yai na kuyaingiza tumboni, na akiba hiyo inaweza kumshikilia siku mbili hata tatu. Ndiyo inayomwezesha kusafiri kwa basi kutoka Kibaha hadi Dodoma bila kula. Lakini hawaanguliwi wote saa moja. Wa kwanza anaweza kumtangulia wa mwisho kwa siku nzima, na yupo ndani ya boksi hilo hilo. Ukichukua saa moja asubuhi, jioni wote watakuwa wamekunywa. Ukija kesho yake, wale waliotangulia wameanza kuishiwa.

Kuhusu 100, wengi hudhani ni tamaa ya muuzaji. Ukweli ni kwamba boksi la vifaranga hutengenezwa kwa 100: vyumba vinne, kila kimoja vifaranga 25. Idadi hiyo hutosha wapeane joto, na ni ndogo kiasi cha kutokanyagana. Kumi peke yao kwenye chumba kimoja watapigwa na baridi njiani. Vituo vingi huongeza wawili kwa kila mia kufidia wanaokufa safarini, nawe una haki ya kuuliza kama wamo. Anayetaka 30 ni afadhali ashirikiane na jirani, mradi kila mmoja awe na kinengunengu chake kilichokwisha kupashwa moto.

Sasa chanjo, na hapa ndipo nina ugomvi na matangazo mengi. Neno "wamechanjwa" likisimama peke yake halina maana yoyote. Wamechanjwa nini?

Mareksi ni ugonjwa unaobeba jina la József Marek, daktari wa mifugo wa Hungaria aliyeueleza mwaka 1907. Virusi vyake huishi kwenye vumbi la manyoya na hudumu bandani miezi mingi. Kuku aliyeambukizwa utotoni huonekana mzima kwa wiki kadhaa, kisha analala mguu mmoja ukiwa mbele na mwingine nyuma, au anakonda huku uvimbe ukimea kwenye ini. Kwa kawaida hilo hutokea kuanzia miezi miwili hivi, wakati leya ameshakula chakula kingi na hajataga yai hata moja. Dawa hakuna. Chanjo hudungwa chini ya ngozi ya shingo siku ya kuanguliwa, kabla kifaranga hajakutana na vumbi hilo, kwa hiyo ni kazi ya kituo. Kama haikufanyika pale, huwezi kuifidia nyumbani wiki ya pili. Na inahitaji takribani wiki moja kujenga kinga, kwa hiyo aliyechanjwa naye asiwekwe kwenye maranda ya kuku wa zamani.

Broila huuzwa kwenye wiki ya tano au ya sita, mara nyingi kabla Mareksi haijapata nafasi ya kujionyesha. Ndiyo maana tangazo letu linawataja leya tu, na si kasoro. Chotara wa kufugwa miezi mingi wanahesabiwa pamoja na leya.

Chanjo nyingine zinabaki kwako, isipokuwa kituo kiseme vinginevyo. Chukua mfugaji wa Kilosa aliyechukua leya 100 Jumanne. Akiihesabu Jumanne hiyo kuwa siku ya kwanza, siku ya 7 ni Jumatatu inayofuata, na hapo anatoa chanjo ya kwanza ya kideri. Siku ya 14 ni Jumatatu ya pili, zamu ya Gumboro. Siku ya 21 anarudia kideri, na siku ya 28 Gumboro. Ndui hungoja hadi wiki ya sita au ya nane, na huchomwa kwenye utando wa bawa.

Kwa nini asimalize zote siku moja? Kwa sababu kifaranga hurithi kinga ya mama yake kupitia kiini cha yai. Ukimpa Gumboro mapema mno, kinga hiyo inaiua chanjo kabla haijafanya kazi. Ukichelewa mno, kinga ya mama imeisha na ugonjwa unamkuta wazi. Vituo vingine hunyunyizia kideri siku ile ile ya kwanza, na vingine vina chanjo ya Gumboro inayodungwa pale pale, na hapo ratiba ya nyumbani hubadilika. Kwa hiyo omba karatasi: chanjo gani, tarehe gani. Kituo makini hukupa bila kusitasita.

Ukifika kuchukua, fungua boksi kabla ya kulipa. Shika wachache, geuza, tazama kitovu: kiwe kimefunga na kikavu. Chenye kidoti cheusi au uzi unaoning'inia ni mlango wa vijidudu, na wengi wa namna hiyo hufa wiki ya kwanza. Mlaze mmoja chali, mwenye afya hujigeuza papo hapo. Kwa leya wa kahawia, majike huwa na rangi ya kahawia tangu kuanguliwa na madume ni weupe au njano, kwa hiyo boksi lenye njano wengi lina majogoo uliyouziwa kwa bei ya watagaji.

Halafu tazama miguu na mabawa. Kuna oda ambazo wenyewe hawakuzifuata, na vifaranga hao hutafutiwa mteja mwingine siku ya pili au ya tatu, bado wakiitwa wa siku moja. Miguu yao imepoteza mng'ao na kusinyaa kama iliyokauka, na manyoya ya mabawa yameanza kurefuka. Muulize muuzaji tarehe ya kuanguliwa na uiandike juu ya boksi kwa kalamu, kwa kuwa siku ya 7 na ya 14 zinahesabiwa kutoka hapo, hata kama wewe umewalipia Alhamisi.