Thamani ya Soko au Bei ya Kipya: Fidia ya Vitu vya Nyumbani Hupimwa Vipi?

Bima ya vitu vya nyumbani hulipa kwa moja ya vipimo viwili pale vitu hivyo vinapoibwa au kuharibika. Kipimo cha kwanza ni thamani ya soko, yaani thamani ambayo kitu kilikuwa nayo siku ya hasara, kikiwa kimeshatumika na kuchakaa. Cha pili ni bei ya kununua kingine kipya cha aina na ubora uleule, bila kujali umri wa kilichopotea. Kwa friji iliyonunuliwa mwezi uliopita, vipimo hivi karibu vinalingana. Kwa nyumba iliyojengewa vitu vyake kidogo kidogo kwa miaka kumi, vinaweza kutofautiana mara mbili au tatu.

Kipimo cha thamani ya soko kina mizizi ya kisheria. Bima ya mali imejengwa juu ya kanuni kwamba mkata bima arudishwe katika hali aliyokuwa nayo kabla ya hasara, asipungukiwe wala asipate faida. Kanuni hiyo ilielezwa wazi mwaka 1883 na mahakama ya Uingereza katika kesi ya Castellain dhidi ya Preston, na nchi zilizorithi sheria za Uingereza, zikiwemo Kenya na Tanzania, bado zinaifuata. Kwa mantiki hiyo, aliyekuwa na sofa kuukuu akilipwa bei ya sofa mpya atakuwa amepata faida. Bima ya kipya kwa kikuukuu ni makubaliano maalumu yanayolegeza kanuni hiyo. Haipatikani mpaka mkataba useme hivyo.

Anayehesabu ni mkadiria hasara. Chini ya kipimo cha thamani ya soko, kwa kawaida haanzi na bei iliyolipwa zamani, bali na bei ya leo ya kitu kipya kinachofanana. Kisha hukadiria kitu hicho hudumu miaka mingapi kikitumika kawaida, na kupunguza sehemu iliyokwisha tumika. Wakati mwingine huangalia bei ya vitu vilivyotumika katika maduka ya mitumba, na huko samani mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko hata hesabu ya uchakavu inavyoonyesha.

Tuseme hitilafu ya umeme imesababisha moto sebuleni kwa familia moja ya Dar es Salaam. Friji ilikuwa na miaka sita. Mpya inayofanana nayo inauzwa shilingi 1,500,000, na inatarajiwa kudumu miaka kumi. Imebakiza miaka minne, hivyo thamani yake ni shilingi 600,000. Televisheni ya miaka mitatu, inayotarajiwa kudumu miaka sita, ina mbadala mpya wa shilingi 1,200,000. Nusu ya umri imekwisha, hivyo yenyewe pia ni shilingi 600,000. Seti ya sofa ya miaka minane, inayotarajiwa kudumu kumi, mpya yake ni shilingi 2,000,000. Thamani iliyobaki ni shilingi 400,000.

Kwa bei ya kipya, hasara ya familia hiyo ni shilingi 4,700,000. Kwa thamani ya soko ni shilingi 1,600,000, na kabla ya kulipa kampuni hukata sehemu ya hasara ambayo mkata bima amekubali kuibeba mwenyewe. Pengo la shilingi 3,100,000 halitokani na hila ya mtu yeyote. Sofa ile ingeuzwa siku moja kabla ya moto, huenda isingezidi shilingi 400,000. Lakini familia haikuwa na nia ya kuiuza. Ilikuwa inaikalia, na ingeendelea kuikalia kwa miaka kadhaa bila kutoa senti. Moto umeilazimisha kununua leo kitu ambacho ilipanga kukinunua baadaye, na fedha za kukamilisha bei hazikuwa zimetengwa. Ndiyo sababu pengo huwaumiza zaidi wenye vitu vya zamani na akiba ndogo: kadiri kitu kinavyozeeka ndivyo fidia inavyopungua, ilhali bei ya mbadala wake dukani haipungui.

Kuchagua bima ya bei ya kipya, hata hivyo, hakutoshi kuziba pengo hilo. Kiasi kilichokatiwa bima nacho lazima kilingane na kipimo hicho, na hapa ndipo wengi hukosea. Mtu anapojaza fomu hukadiria vitu vyake kwa bei alizonunulia, au kwa bei ambazo angeviuza, kisha huandika jumla. Mikataba mingi ina sharti la uwiano: kiasi kilichoandikwa kikiwa pungufu ya thamani inayotakiwa, kila dai hupunguzwa kwa uwiano huohuo.

Tuseme familia ileile ina bima ya bei ya kipya, lakini iliandika shilingi milioni 16, huku kununua upya kila kilichomo nyumbani kungegharimu milioni 40. Imekata bima ya asilimia 40 tu ya thamani. Kwa hiyo, dai la shilingi 4,700,000 litalipwa asilimia 40, yaani shilingi 1,880,000. Mkataba unaahidi vipya, lakini kinacholipwa kinakaribia thamani ya soko. Kujihami ni kupita chumba kwa chumba, kuandika bei ya leo ya kila kitu, yakiwemo mapazia, vyombo vya jikoni na magodoro yanayosahaulika, na kurudia zoezi hilo kila bima inapohuishwa. Ada itapanda, kwa sababu hukokotolewa kama asilimia ya kiasi hicho.

Bima ya bei ya kipya nayo ina mipaka yake. Nguo, mashuka na mapazia mara nyingi huendelea kukatwa uchakavu. Kitu kinachoweza kutengenezwa hutengenezwa, na kampuni huwa na hiari ya kuleta kitu chenyewe badala ya fedha. Baadhi ya mikataba hulipa bei kamili pale tu mkata bima anapokuwa amekwisha nunua mbadala. Akitaka fedha mkononi bila kununua, hulipwa thamani iliyopunguzwa uchakavu. Vitu vya kale, kama sanduku la Kizanzibari lililonakshiwa kwa shaba, hupinga kipimo cha bei ya kipya kabisa, kwa kuwa umri ndio unaovipa thamani. Vitu hivyo huthaminiwa na mtaalamu na kuandikwa kimoja kimoja kwa thamani iliyokubaliwa tangu mwanzo.

Ili kujua kipimo kinachotumika, husomwa sehemu ya mkataba inayoeleza namna madai yanavyolipwa. Ikitaja kupunguzwa kwa uchakavu, kipimo ni thamani ya soko. Ikiahidi kitu kipya, hutafutwa pia orodha ya vitu vilivyotengwa na sharti la uwiano. Kwa anayenunua vitu vilivyotumika na aliye radhi kununua vingine vya aina hiyo, thamani ya soko yenye ada ndogo yaweza kumtosha. Kwa anayetegemea bima imrudishie nyumba kamili baada ya moto au wizi, kinachomfaa ni mkataba wa bei ya kipya wenye kiasi kilichokadiriwa kwa bei za kipya.