Ovaroli Ikikubana, Usikimbilie XL: Pima Kwanza Urefu wa Kiwiliwili



Msimu uliopita nilikuwa Kishapu, napita kwenye mashamba ya pamba kipindi cha kupuliza dawa. Nikamkuta kijana mmoja yuko katikati ya mistari, bomba la lita 16 mgongoni. Kavaa ovaroli nzuri kabisa ya bluu yenye mistari ya kung'aa, ile inayovaliwa migodini. Lakini kaivua hadi nusu, mikono kaifunga kiunoni, kifua wazi, na dawa inamrudia kwa upepo.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, ovaroli unayo, mbona hujaivaa?"

Akanijibu, "Afisa, hii nguo inaninyonga. Nikiinama inanivuta huku chini, nikiinuka inanibana mabegani. Na ni XL!"

Jioni alikuwa anawashwa kifua na shingo. Ovaroli alikuwa nayo, ila ngozi yake haikuwa na kinga yoyote. Ndiyo maana leo naandika juu ya nguo, sio mbolea.

Kwa nini XL haikumsaidia

Ukivaa shati na suruali, ukiinama shati linapanda kidogo, suruali inashuka kidogo, nafasi inapatikana kiunoni. Ovaroli haina nafasi hiyo. Ni kitambaa kimoja kinachotoka begani, kinapita msambani, kinapanda mgongoni hadi begani tena. Ni kama kamba iliyofungwa duara. Ukiinama mgongo wako unarefuka, na kitambaa kizito cha kazi hakivutiki. Kikikosa pa kwenda, kinakuvuta msambani na mabegani kwa wakati mmoja.

Sasa ile herufi ya L au XL kwenye lebo kwa kawaida inaongelea upana wa kifua zaidi. Ukihamia saizi kubwa, upana unaongezeka sana, urefu wa kiwiliwili unaongezeka kidogo tu. Kwa hiyo unapata nguo inayopwaya tumboni na bado inakunyonga msambani. Ndicho kilichompata yule kijana. Mabega yalikuwa yanapwaya, lakini akinyoosha mkono juu, msamba ulikuwa unapanda nao.

Na usidanganyike na urefu wa mtu. Kuna mrefu ambaye urefu wake wote uko miguuni, na kuna wa kawaida mwenye kiwiliwili kirefu. Miguu ya suruali ikizidi utakunja. Kiwiliwili kikipungua huna cha kukunja.

Jinsi ya kujipima

Chukua tepu ya fundi na mwombe mwenzako akusaidie. Vaa nguo utakazovaa ndani ya ovaroli. Simama wima. Anzia juu ya bega, pale shingo inapoanzia. Shusha tepu mbele kifuani, ipite msambani bila kukaza, ipande mgongoni hadi pale pale ilipoanzia. Namba hiyo ndiyo mzunguko wa kiwiliwili chako. Kwa akina dada, tepu ipite juu ya titi, sio pembeni, kwa sababu kitambaa cha mbele kitatumika pale.

Halafu pima nguo yenyewe. Funga zipu au vifungo vyote, itandaze mezani. Pima mbele kutoka begani karibu na kola hadi mshono wa msamba. Igeuze, pima nyuma vilevile. Jumlisha.

Kwa kazi ya shamba mimi nataka nguo izidi mwili kwa sentimita 10 hadi 14. Chini ya hapo utabanwa ukiinama. Ikizidi sana nayo ni tatizo: msamba unaning'inia katikati ya mapaja, hatua inakuwa fupi, na kupanda pikipiki au mkokoteni inakuwa shida.

Tulimpima yule kijana. Mwili wake ulikuwa 168. Ovaroli yake mbele 81, nyuma 89, jumla 170. Alikuwa na sentimita 2 tu za kuinamia! Mdogo wake, ambaye wanalingana kwa urefu wakisimama, alikuwa na 157. Kwake ovaroli ileile ilizidi kwa sentimita 13. Akaivaa, akachuchumaa, akanyoosha mikono, haikumbana popote. Nguo ilikuwa nzima, ila ilikuwa ya mtu mwingine.

Kabla hujalipa sokoni

Ovaroli nyingi tunazovaa huku zinatokana na biashara ya migodini. Ukienda Geita mjini, Katoro au Kahama utazikuta, mpya na za mtumba. Muuzaji atakuwekea begani aseme "imekukaa". Usikubali. Ivae, ifunge mpaka juu, kisha fanya mambo matatu: chuchumaa kabisa, inama kama unapalilia, nyoosha mikono yote juu. Kama kola inavutwa nyuma au msamba unakukata, rudisha. Na kumbuka bomba likijaa, mikanda yake inakandamiza kitambaa mabegani, kwa hiyo kitambaa hakitelezi tena. Nguo inayobana kidogo sokoni itabana zaidi shambani.

Kwa nguo mpya ya pamba tupu, weka hesabu ya kuruka. Ikiruka asilimia 3, mzunguko wa 178 unapoteza sentimita 5 hivi. Kama unashonesha, loweka kitambaa na ukianike kabla fundi hajakata. Mtumba uliofuliwa mara nyingi hauna mchezo huo sana.

Kama umeshanunua fupi

Usikate tamaa. Kama ovaroli ina mshono kiunoni, fundi aufumue (asikate pembeni yake) na kuingiza mkanda wa kitambaa kuzunguka kiuno. Mkanda ukionekana sentimita 5 baada ya kushonwa, mzunguko unaongezeka 10, kwa sababu unaongeza mbele na nyuma. Akate upana wa 8, ili 1.5 ya kila upande iingie kwenye mshono. Zipu ya zamani itakuwa fupi, kwa hiyo abadilishe au aweke vifungo, na juu yake kitambaa cha kuziba ili dawa isipenye. Kijana wetu alifanya hivyo. Kutoka 170 akafika 180, yaani 12 zaidi ya mwili wake.

Kuweka kiraka cha pembe nne msambani kunasaidia nguo isichanike na miguu ipanuke, lakini mabega yatabaki yanavutwa. Usitegemee hicho peke yake.

Na dangarizi je?

Ile ya mikanda mabegani ina nafuu moja kubwa: unarefusha mkanda, kiwiliwili kinaongezeka. Kwa kupalilia, kuvuna na kubeba magunia ni nzuri, na akina dada wengi wanaipenda kwa kuwa kwenda chooni huvui nguo yote. Ila mkanda ukiwa umefika mwisho na bado unavutwa, hiyo nayo ni fupi. Na mikono iko wazi, kwa hiyo siku ya dawa vaa shati la mikono mirefu ndani, au tumia ovaroli kamili.

Yule kijana nilimkuta tena mpulizo uliofuata. Zipu ilikuwa imefungwa mpaka kooni, na hakuwa amefunga kitu kiunoni.

Kabla ya kuwasha bomba, mpimane.