Kona Zikiviringwa Mapema, Kasha Huvunjika Baadaye

Mchoraji anachora kasha la plastiki la kuhifadhia saketi ndogo, urefu milimita 90, upana 60, kimo 25. Anatumia FreeCAD, programu ya bure ya kuchora vipuri. Anaanza na mstatili, anaunyanyua kuwa bonge kwa `Pad`, kisha macho yanamtamani: anaviringa kona nne za wima kwa `Fillet` ya milimita 6. Analichimba bonge kwa `Thickness` libaki ganda la milimita 2, halafu anakata kingo za chini mshazari kwa `Chamfer`. Kasha linapendeza.

Kesho yake mteja anataka mfereji wima ubavuni, wa kupitishia waya. Mchoraji anarudi kwenye mstatili wa mwanzo, anaongeza mistari minne, anafunga mchoro. Papo hapo alama nyekundu inatokea kwenye `Fillet`, na kila kilicho chini yake kwenye mti wa hatua nacho kinagoma.

Kosa halikuwa kwenye mfereji. Programu ya aina hii haihifadhi umbo lililokamilika tu, bali huhifadhi hatua zote kwa mpangilio, na kila badiliko likifanyika hulijenga umbo upya kutoka juu hadi chini. Ile `Fillet` haikuandikiwa “viringa kona za nje”. Iliandikiwa majina ya kingo, mathalani `Edge1` na `Edge3`. Bonge la pande nne lina kingo 12. Mfereji ukiingia, mzunguko wa mchoro unakuwa wa mistari 8, na bonge linakuwa na kingo 24. Hesabu inapangwa upya, na `Edge3` ya leo huenda ikawa ukingo wa ndani ya mfereji. Hapo ama hatua inashindwa, ama inafanikiwa mahali pasipotakiwa, na hilo la pili ndilo baya zaidi kwa kuwa halitoi onyo.

FreeCAD 1.0, iliyotoka Novemba 2024, ilipunguza sana tatizo hili kwa kuzipa kingo majina yanayofuata asili yake. Haikulimaliza. Ukingo uliofutwa hauwezi kupatikana kwa jina lolote.

Kubadili kipimo tu, 90 kuwa 120, hakuongezi ukingo hata mmoja, kwa hiyo kwa kawaida `Fillet` hustahimili. Kinachoivuruga ni umbo jipya. Ndiyo maana hatua zote zinazoongeza au kupunguza umbo hukaa juu ya mti, na mapambo ya kona hukaa chini, mahali ambapo hakuna hatua nyingine inayoyategemea. Mfereji ungekuwa `Pocket` yake yenyewe, mara baada ya `Pad`. Aliyekwisha kosea hahitaji kuanza upya: anabofya `Pad` kwa kitufe cha kulia, anachagua `Set Tip`, anaingiza `Pocket` hapo, kisha anairudisha `Set Tip` kwenye hatua ya mwisho. Baada ya hapo huenda akalazimika kufungua `Fillet` na kuchagua kingo upya, mara moja tu.

Lakini “mapambo mwisho” ikishikwa kama amri, nayo inaharibu. Zile kona nne za wima lazima zitangulie `Thickness`. Zikitangulia, ganda linazifuata: nje milimita 6, ndani 4, ukuta 2 kila mahali. Zikifuata, kona ya ndani inabaki kali huku ya nje ikilika, na hapo ukuta unabaki na milimita 0.34 tu, chini ya tundu la kawaida la printa ya 3D, ambalo ni 0.4. Mti hautaonyesha wekundu wowote. Kwa `Fillet` ya milimita 7 kona inatoboka kabisa.

Kipimo nacho kina mpaka wake. Mdomo wa kasha lile una upana wa milimita 2. Ukiviringa kingo zake zote mbili kwa milimita 1, uso wa juu unatoweka na mara nyingi hesabu inakwama. Kwa 0.9 unabaki utepe wa 0.2, na hatua inapita.

Tundu la waya ubavuni lisichorwe juu ya uso ambao `Fillet` au `Chamfer` imeugusa. Lichorwe kwenye `XZ_Plane`, bapa lisilobadilika hata kasha likibadilishwa vipi.

Mti mzima basi unasomeka hivi: `Pad`, `Pocket` ya mfereji, `Fillet` ya 6, `Thickness`, `Pocket` ya tundu, na `Chamfer` ya kingo za chini ikifunga. Kabla ya kupeleka faili kwa mchapishaji, ongeza mfereji wa pili wa majaribio baada ya `Pad`, utazame hatua ipi inageuka nyekundu, kisha uufute.