Bajeti ya Wizara Inapofika Kijijini (Sehemu ya Pili): Shabaha ya Maji Kyerwa

Juma lililopita tulieleza kwamba Mpango wa Muda wa Kati wa Matumizi huitaka wizara ioneshe fedha za miaka mitatu pamoja na matokeo yanayokusudiwa. Leo tushuke na Fungu 49, yaani Wizara ya Maji, mpaka kwenye vilima vya Karagwe na Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Huko chemchemi ziko bondeni na nyumba nyingi ziko mgongoni mwa kilima, na umbali huo wa kupanda ndio unaoamua gharama.

Ukifungua kitabu cha mpango huo utakuta alama kama C01D. Herufi ya kwanza ni lengo la taasisi, 01 ni namba ya shabaha, na D huonesha kuwa shabaha ni ya maendeleo, yaani ujenzi, si utoaji wa huduma wa kila siku. Chini ya shabaha kuna shughuli, na chini ya shughuli kuna vitu vya kununua: bomba, saruji, dizeli, posho. Bajeti ya zamani ilianza na vitu hivyo na kuishia hapo. Hii huanza juu, na kila mfuko wa saruji lazima uwe na shabaha unayoitumikia.

Tuchukue mfano, na takwimu zake ni za kufundishia tu. Shabaha ni vituo 36 vya kuchotea maji katika vijiji vya Kyerwa kwa miaka mitatu, shilingi milioni 1,500 kila mwaka. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka kituo kimoja kihudumie watu 250, kisizidi mita 400 kutoka nyumbani. Vituo 36 mara 250 ni watu 9,000. Hesabu imekamilika mezani.

Mwaka wa kwanza Bunge limeidhinisha milioni 1,500, Hazina ikatoa 900. Mkandarasi amejenga tenki na kulaza bomba, akaleta hati ya madai ya milioni 1,200. Pampu haijanunuliwa. Taarifa ya mwisho wa mwaka itasema fedha zimepokelewa kwa asilimia 60, na zote zimetumika. Yote ni kweli, lakini waliopata maji ni sifuri, kwa sababu bomba bila pampu halipandishi maji kilimani.

Msomaji wa taarifa atenganishe mambo manne: fedha iliyoidhinishwa, iliyotolewa, iliyotumika, na watu waliofikiwa. Mara nyingi lile la nne hujazwa kwa maneno kama "ujenzi unaendelea". Likikosa namba, na likikosa hali ya kuanzia, yaani wangapi walikuwa na maji kabla ya mradi, shabaha hiyo haipimiki hata ikiwa imeandikwa vizuri kiasi gani.

Mwaka wa pili unaanza na deni la milioni 300. Ukomo wa bajeti haujaongezeka, hivyo kazi mpya inabakiwa na 1,200. Hapa ndipo miaka mitatu inapopaswa kusaidia: mpangaji mwaminifu hurudi kwenye shabaha, akaandika vituo vichache au akasogeza tarehe. Lakini wengi hunakili takwimu za mwaka uliopita, wakaongeza asilimia kidogo, na 36 ikabaki pale pale. Ukiona makadirio ya mwaka wa pili na wa tatu yanapanda kwa kiwango kilekile kwenye kila shabaha, jua hakuna aliyekaa kuyafikiri.

Kuna jambo jingine, nami naliona zito kuliko ucheleweshaji wa fedha. Tuseme pampu imefika na vituo vimefunguliwa. Umeme wa kuiendesha, fundi na vipuri haviko kwenye shabaha yenye herufi D. Vijijini mzigo huo hubebwa na vyombo vya watumia maji vinavyosimamiwa na RUWASA, wakala ulioanza kazi Julai 2019, kwa fedha ya ndoo wanayolipa wananchi. Kadiri kilima kinavyokuwa kirefu, ndivyo ndoo inavyokuwa ghali, na wenye kipato kidogo hurudi bondeni. Fedha ya ndoo ikipungua, kituo hukauka, na kwenye hesabu ya wizara watu wake 250 bado wanahesabiwa kuwa na maji.

Bajeti ya programu, kama ile ambayo Zanzibar huitumia, inakusudia kuziba pengo hili: ujenzi na uendeshaji wa huduma hiyohiyo hukaa chini ya programu moja, na anayeijibia ni mmoja. Benki ya Dunia nayo, katika mkopo wa dola milioni 350 wa maji vijijini wa mwaka 2018, ilifunga fedha kwenye matokeo yanayohakikiwa, na kituo kinachotoa maji kikawa na uzito ambao tenki tupu halina. Kwa Kyerwa maana yake ni kwamba shabaha iandikwe "vituo 36 vinavyotoa maji miezi kumi na miwili baada ya kukabidhiwa", na gharama ya umeme ioneshwe hapohapo, kabla bomba halijanunuliwa.

Juma lijalo: shabaha za kahawa na Wizara ya Kilimo.