Kocha Akimdhuru Mtoto: Barua Ambayo Kamati Haiwezi Kuikalia

Barua nyingi za wazazi kuhusu kocha huishia kwenye faili la katibu kwa sababu zimechanganya mambo. Mtoto kuwekwa benchi, ada kupanda, kisha mwishoni kabisa, sentensi moja kwamba mtoto alichapwa. Kamati hujibu la benchi kwa kuwa ndilo jepesi, na la fimbo linapita kimyakimya.

Barua ya namna hii ibebe jambo moja tu, na ianze na kilichoonekana. Ukiandika "kocha ni mkatili" umetoa hukumu, na kamati itakubishia. Andika hivi: "Jumamosi tarehe 8 Machi, saa 11 jioni, wazazi watatu tulimwona kocha akimpiga fimbo mgongoni mchezaji wa miaka 12 aliyekosa penalti." Hapo kuna siku, saa, tendo na mashahidi. Mlichosikia kwa wengine semeni wazi kwamba mmesikia. Jina la mtoto lisiwemo, maana barua itapita mikono mingi; mwenyekiti aambiwe faraghani.

Kisha ombeni mambo yanayoweza kupimwa: kocha asimame kando hadi uchunguzi uishe, mtoto asiondolewe kikosini kwa sababu ya malalamiko, na majibu yatoke kwa maandishi ndani ya siku 7. Kusimama kando si kumtia kocha hatiani. Ni kumtenga na watoto wakati ukweli unatafutwa. Katibu asaini nakala yenu, aandike na tarehe aliyoipokea.

Kamati nyingi husita kwa sababu kocha analeta vikombe. Uingereza iliona matokeo yake. Barry Bennell alikuwa kocha wa vijana aliyesifika katika klabu ya Crewe Alexandra, na wavulana walikuwa wakilala nyumbani kwake. Mwaka 2018 alifungwa miaka 30 kwa kuwadhalilisha watoto kingono. Ripoti ya wakili Clive Sheldon, iliyotolewa mwaka 2021, ilisema klabu ilipaswa kufanya zaidi kufuatilia hali ya wavulana hao.

Kwa hiyo mkiona kocha anamlaza mchezaji kwake, anamtumia ujumbe wa siri usiku au anampa zawadi mwenyewe tu, msisubiri fimbo, andikeni. Lakini mtoto akisema ameguswa vibaya, jambo hilo si la kamati tena. Msikilizeni bila kumhoji tena na tena, kwa sababu maswali mengi yanaweza kuharibu ushahidi, wala msimwite kocha "mmalizane". Kwa Tanzania, nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii, au pigeni 116 bila malipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua haki ya mtoto imevunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Kamati ikiomba mlimalize ndani ya klabu, inawaomba mvunje wajibu huo.