Pau Moja Inapozimeza Nyingine

Pau ya grafu husomwa kwa urefu wake kuanzia sifuri. Kongo ina eneo la kilomita za mraba 2,345,000 hivi, Uganda 241,000, Burundi 28,000 na Rwanda 26,000. Pau ya Kongo ikichorwa kwa sentimita 20, ya Uganda hufika 2, na ya Rwanda haizidi milimita 2 sana.

Wachoraji wengi hukata mhimili wima, yaani huruka namba za katikati na kuweka alama ya mkato. Hapo Kongo, iliyo karibu mara kumi ya Uganda, huonekana kuizidi kidogo tu. Jicho hupima urefu kabla ya kuiona alama, na hilo ni upotoshaji hata pasipo nia mbaya.

Njia bora ni grafu mbili: ya kwanza nzima, ya pili bila Kongo, kila moja na skeli yake iliyoandikwa wazi. Skeli ya logi, ambapo kila hatua huzidisha kwa kumi, nayo hufaa, ila itumie nukta badala ya pau, kwa kuwa haina sifuri. Kwa namba nne tu, jedwali latosha.