Shiti Moja, Madirisha Matano

Anayejenga kijijini mara nyingi hununua kioo mbali, mjini, kisha hukisafirisha. Vikipungua vipande viwili vidogo, itabidi safari nyingine na shiti nyingine nzima. Hesabu ya kioo inapaswa kukamilika kabla ya kwenda dukani.

Anza na fremu. Kioo hukaa kwenye ribeti, ule mkato uliochongwa kuzunguka fremu, kwa hiyo upana wa uwazi unaopitisha mwanga si kipimo chake. Pima kutoka ukuta wa ribeti hadi ukuta wa pili, mahali patatu kwa upana na patatu kwa urefu, ushike kipimo kidogo zaidi. Toa milimita 4, yaani 2 kila upande. Kioo kinachobana huenda kikaingia leo, lakini mbao ikivimba kwa mvua au fremu ikipinda, hupasuka, mara nyingi ufa ukianzia ukingoni. Pima pia kutoka pembe hadi pembe: vipimo viwili vikitofautiana, fremu imekaa upande, na kioo cha pembe mraba kitagoma kuingia.

Sasa tuchukue nyumba yenye madirisha mawili makubwa ya milango miwili miwili, na matatu madogo ya vioo viwili viwili. Ribeti za makubwa zina milimita 804 kwa 454; za madogo, 404 kwa 304. Tunahitaji basi vioo vinne vya 800 kwa 450 na sita vya 400 kwa 300. Shiti ni ya milimita 1830 kwa 1220.

Mafundi wengi hulaza vioo vikubwa, viwili viwili kwa safu mbili. Hubaki ukanda wa 320 unaotoa vidogo vinne tu, na mwingine wa 230 usiotosha kioo chochote. Vimepungua viwili.

Visimamishe vile vikubwa. Vinne vikipangwa bega kwa bega huchukua 1800 ya urefu wa shiti na 800 ya upana. Juu yake hubaki ukanda wa 420, ambao hutoa vidogo vyote sita vikisimama: sita mara 300 ni 1800. Milimita 30 na 20 zinazosalia hutumika kusafisha kingo zilizomeguka. Kinachopotea ni kama asilimia 3 ya shiti.

Mkato wa kioo huenda moja kwa moja hadi ukingo wa pili. Hauwezi kukunja kona katikati. Kwa hiyo ukishasafisha kingo, tenga kwanza ukanda wa 800 na ule wa 400, ndipo ukate kila mmoja vipande. Gurudumu la kikatio hupita milimita 2 au 3 kando ya rula, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande kibovu, upime pengo hilo na kusogeza rula kwa kiasi hicho. Chora mstari mara moja tu. Ukirudia juu ya mstari uleule, kioo huvunjika ovyo na gurudumu huharibika.